Samaki ya Kyavinyonge na odio ya WhatsApp: jina linaharibiwa na jibu kuliko lawama

Mwezi wa 4 mwaka 2025, picha za viboko waliokufa ziliingia katika telefone za watu wengi hapa Nord-Kivu. Miili ilikuwa inaelea katika mto Ishasha, kusini ya ziwa Edouard, ndani ya parke ya Virunga. Viboko zaidi ya 50 walikufa, pamoja na mbogo. Vipimo vilionyesha kwamba ni kimeta, ugonjwa ambao wengine wanauita antraksi. Wakubwa wa parke walionya wakaaji: msiguse wala kula nyama ya pori, na maji mchemshe kwanza kabla ya kunywa.

Mto Ishasha unamwaga maji yake katika ziwa Edouard. Na katika ziwa hilo hilo, upande wa kaskazini, kuna Kyavinyonge. Kwa hiyo mtu aliyeona zile picha akiwa mbali, kwenye karie ya zahabu, hakuuliza habari ya viboko. Aliuliza habari ya sahani yake: "Na samaki je? Tutakula tu?"

Sisi tunaona swali hili ni la haki. Na tunaona pia kwamba wauzaji wengi hawajui kulijibu. Mmoja anasema, "Ni uongo wa watu wa wivu." Mwingine anasema, "Hiyo samaki si ya kwetu, ni ya Vitshumbi." Wa tatu ananyamaza, anapunguza bei, anangoja watu wasahau. Majibu yote matatu yanaharibu jina kuliko ile picha yenyewe. Tueleze ni kwa nini, na jibu gani linaweza kulinda jina.

Jina halina etikete, lakini lina bei

Samaki ya Kyavinyonge haina karatasi ya rangi wala sanduku lenye chapa. Inafika Butembo na Beni ndani ya kitunga au mfuko, mbichi au ya chumvi, juu ya pikipiki au gari, mara nyingi bila barafu. Kutoka pale inapanda hadi kwenye machimbo, upande wa Manguredjipa na kwingine. Kitu kinachouzwa pamoja na samaki ni neno moja tu: Kyavinyonge. Mama akisema neno hilo sokoni, mteja anaelewa anachonunua.

Katika familia nyingi za wachimbaji, baba yuko katika shimo na mama yuko sokoni. Wakati shimo halitoi kitu, kitunga cha samaki ndicho kinacholipa masomo ya watoto na deni ya unga. Kwa hiyo lawama juu ya samaki si shauri la wavuvi peke yao. Inagusa nyumba ambayo haijawahi hata kuona ziwa.

Na ubaya wa jina la aina hii ni kwamba ni la watu wote. Mtu mmoja akiuza kitunga kibaya, odio ya WhatsApp haitasema, "Mama fulani ameuza samaki mbaya siku ya tatu." Itasema, "Samaki ya Kyavinyonge iko na sumu." Wauzaji mia wanalipa deni ya mmoja.

Uganda 1999: walifunga mlango wenyewe

Jambo hili lilikwisha kutokea kwa jirani yetu, na kwa ukubwa kuliko kitunga chetu. Mwaka 1999, Uganda ilikuwa inauza sangara wa ziwa Victoria kwa Ulaya. Habari zikaenea kwamba kuna wavuvi wanaomwaga dawa ya kuua wadudu majini ili samaki wafe na kuokotwa kwa urahisi, na kwamba watu wamekula samaki wa namna hiyo wakafa. Wakati ule hakukuwa na WhatsApp. Ilikuwa magazeti na redio, lakini habari ilifika Ulaya haraka vilevile.

Viongozi wa Uganda wangeweza kusema kwamba ni wachache wanaofanya hivyo, na kwamba samaki wa viwanda ni wengine. Pengine ingekuwa kweli. Lakini mwezi wa 3 walisimamisha wenyewe kupeleka samaki Ulaya. Mwezi wa 4 Jumuiya ya Ulaya ikafunga mlango wake kwa Uganda, Tanzania na Kenya pamoja. Ona hapo: wavuvi wachache walilaumiwa, inchi tatu zikafungiwa. Viwanda vilipunguza kazi, vingine vikafunga, na bei ya samaki kwa mvuvi ikaanguka.

Kitu walichofanya baadaye ndicho kinachotuhusu. Kwanza, waliweka kazi ya kukagua samaki chini ya mkono mmoja, idara ya uvuvi. Mbele ya hapo kazi hiyo ilikuwa imegawanyika, na mnunuzi wa Ulaya hakujua amwamini nani. Pili, walichagua mialo fulani tu, ndiyo mahali mitumbwi inapotia nanga, na kusema samaki wa kupeleka nje atatoka hapo, mbele ya mkaguzi, na karatasi inayoonyesha ametoka wapi. Tatu, walichukua vipande vya samaki na kuvipeleka maabara, ili jibu litoke kwa mtu ambaye hauzi samaki.

Uganda ilikuwa ya kwanza kati ya zile inchi tatu kurudi katika soko la Ulaya. Kenya ilingoja hadi mwisho wa mwaka 2000. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa safi Uganda. Tunasema jambo moja: hawakutumia nguvu zao kushindana na aliyelalamika. Walitumia nguvu hizo kuweza kuonyesha samaki gani ametoka wapi.

Ndugu wanaochimba koltani na kasiterite wanaelewa hesabu hii bila kufundishwa. Ile etikete ndogo inayofungwa kwenye mfuko, yenye namba, iliwekwa kwa sababu hiyo hiyo: mnunuzi wa mbali alilalamika juu ya madini ya Kongo, na hakukubali tena neno "niamini tu". Alitaka kujua mfuko umetoka shimo gani. Mifuko isiyo na etikete inalaumiwa yote pamoja.

Lagos 2023: jibu la polisi

Sasa tuangalie jibu la upande mwingine. Mwezi wa 9 mwaka 2023, mwanamke mfanyabiashara wa Lagos, Nigeria, alinunua kopo la nyanya la kampuni Erisco Foods. Alionja, akaandika kwenye Facebook kwamba lina sukari nyingi kuliko mengine, akauliza wenzake wanaonaje. Mtu mmoja akaja kumjibu kwa ukali, kutetea kampuni. Mama naye akajibu kwa ukali zaidi, kwamba bidhaa hiyo inaua watu.

Kampuni ilikwenda polisi. Mama alikamatwa. Halafu kampuni ikamshitaki na kudai naira miliari 5.

Mbele ya hapo, lawama ilikuwa ya mtu mmoja na marafiki zake wa Facebook. Baada ya hapo, vyombo vya habari vya ulimwengu viliandika juu ya kopo lile, watu waliandamana Lagos, wengine wakaomba bidhaa za kampuni zisinunuliwe, na ofisi ya serikali inayolinda wanunuzi ikaanza uchunguzi. Watu ambao hawakuwa wamesikia kamwe jina la nyanya hizo walilisikia kwa mara ya kwanza pamoja na neno "sukari" na neno "polisi".

Hapa kuna fundisho gumu kidogo. Inawezekana kabisa kwamba mama yule alivuka mpaka katika maneno yake. Inawezekana kwamba nyanya zile hazikuwa na kosa lolote. Haikusaidia kitu. Watu waliotazama hawakuwa wanapima nyanya; walikuwa wanapima tabia ya mwenye nyanya. Mkubwa akipiga mdogo, hakuna anayeuliza tena nani alianza.

Kwetu Kongo, amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 juu ya mambo ya nimerike inaadhibu anayeeneza habari ya uongo kwa mtandao. Kwa hiyo njia ya tribinali iko wazi hata kwa muuzaji wa samaki. Lakini tunasema ibaki mwisho kabisa, kwa mtu anayejulikana, anayeendelea kusema uongo hata baada ya ushahidi kuonyeshwa. Ukianza nayo, umekwisha kushindwa.

Tuchukue kitunga kimoja

Maneno ya Uganda na Lagos ni makubwa. Tuyashushe hadi sokoni kwenye karie. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini kila anayeuza samaki ataona kwamba unafanana na mambo ya kila siku.

Tuseme siku ya kwanza mama mmoja amenunua Butembo vitunga 6 vya samaki ya chumvi kwa negosian anayetoka Kyavinyonge. Njiani mvua imenyesha, shitingi imetoboka, vitunga 2 vya chini vimelowa. Siku ya pili amefika, ameanza kuuza. Siku ya tatu usiku, odio inaanza kuzunguka katika makundi ya wachimbaji: "Bandugu, muchunge sana ile samaki ya Kyavinyonge. Tulikula jana, batoto batatu banahara mpaka sasa. Bale bamama banatia dawa mu samaki!"

Saa ya kwanza ni ya kusikiliza. Asikilize odio yote, mara mbili, na kutenga ndani yake mambo matatu. Kuna jambo lililotokea: watoto watatu wanahara. Kuna dhana: samaki ndiyo imeleta. Kuna hasira: wanatia dawa. Watu wengi wanajibu hasira, kwa sababu ndiyo inayochoma. Lakini anayesikiliza katika kundi anangoja jibu la jambo la kwanza: watoto wako namna gani?

Kwa hiyo hatua ya pili si kuandika. Ni kwenda. Usiku uleule au asubuhi mapema, aende kwa mwenye odio, na mtu mmoja wa komite ya soko kama shahidi, si kundi la watu sita. Akifika asiseme samaki yake ni nzuri. Aulize: watoto wanaendelea namna gani? Walikula nini kingine? Walianza kuumwa baada ya saa ngapi? Imebaki samaki kidogo tuione? Kama mtoto anahara maji matupu na amelegea, maneno yaishe, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kuhara kwa namna hiyo kunaweza kuwa kolera, na kolera haingoji mazungumzo. Mama akiweza kulipa pikipiki ya kumpeleka mgonjwa, alipe. Hiyo si kukubali kosa. Ni ujirani, na watu wanaona.

Hatua ya tatu, asimamishe kuuza vile vitunga vyote vya safari ile. Vyote 6, hata vile 4 vikavu. Inauma, kwa sababu deni ya negosian inangoja. Lakini ahesabu hivi: siku moja bila kuuza ni hasara ya siku moja. Mgonjwa wa nne akitokea wakati odio imekwisha kuzunguka, mama hatauza tena katika karie ile. Ndicho Uganda ilichofanya mwezi wa 3: ilifunga kabla ya kufungiwa.

Jibu lenyewe

Sasa ndiyo wakati wa kusema katika kundi. Jibu liende kwa njia ileile lawama iliyopita. Kama lawama ilikuwa odio, ajibu kwa odio, kwa sababu sauti inajulikana na karatasi haina sura. Isipite dakika moja. Na aliyelaumiwa aseme mwenyewe, si shemeji yake mwenye hasira. Kumbuka kwamba Lagos moto ulianza kuwaka na mtu aliyekuja kutetea kampuni.

Anaweza kusema namna hii:

"Jambo bandugu. Ni mimi mama ninayeuza samaki karibu na kinu cha unga. Nilisikia odio ya jana usiku. Ile samaki ilitoka kwangu, niliiuza siku ya pili. Leo asubuhi nilifika kwa wazazi, watoto wako kituo cha afya, na ninawahurumia sana. Bado hatujajua kama ni samaki ama ni kitu kingine. Lakini nimesimamisha kuuza samaki yote ya safari hii. Mtu aliyenunua kwangu siku ya pili ama ya tatu asiipike. Airudishe, nitamrudishia franga zake. Kesho saa kumi jioni nitawaambia tuliyoona. Sitii dawa katika samaki. Anayetaka kuja kuona namna ninavyoiweka, mlango uko wazi."

Tuangalie kilichomo ndani ya maneno haya. Amesema ni yeye, kwa hiyo wale wauzaji wengine mia wametoka katika lawama. Amesikitikia watoto bila kusema samaki ndiyo sababu, kwa kuwa bado hajui. Amesema amefanya nini tayari, si atafanya nini. Amewaambia walionunua wafanye nini. Ametoa saa ya kurudi na habari. Na juu ya dawa amejibu kwa sentensi moja tu, halafu amefungua mlango.

Kuna neno moja ambalo hakulisema: "haitatokea tena." Asiliseme. Barabara si yake, mvua si yake, na watu wenye silaha wanaofunga njia si wake. Aahidi kitu kilicho katika mikono yake peke yake.

Halafu asiingie katika mabishano. Watu ishirini watajibu, wengine kwa matusi. Aliyeuliza swali la kweli ajibiwe. Aliyetukana aachwe. Na aombe jambo moja kwa mkubwa wa kundi: asifute ile odio ya kwanza. Odio iliyofutwa inakuwa na nguvu mara mbili, maana watu watasema kuna kitu kimefichwa.

Kutafuta ukweli bila maabara

Kwenye karie hakuna maabara. Lakini hesabu nyepesi inaweza kuonyesha mengi. Mama aandike nyumba zote zilizonunua, na kitunga gani. Tuseme nyumba 12. Aulize kila moja. Kama mgonjwa yuko katika nyumba moja tu kati ya 12, na nyumba ile inakunywa maji ya shimo fulani, samaki haionekani kuwa sababu. Lakini kama nyumba 5 zilinunua katika kitunga kilicholowa na 4 kati yao zina wagonjwa, na nyumba 7 za vitunga vikavu hazina hata mmoja, hapo jibu limepatikana. Halihitaji daktari, na mama asilikimbie.

Aangalie pia samaki wenyewe. Samaki ya chumvi nzuri ni ngumu, kavu, na harufu yake ni ya chumvi. Afungue karibu na mfupa wa mgongo, pale ndipo kuoza kunapoanzia kama chumvi haikuingia. Nyama ikiwa laini, ikivutika, ikinuka uchungu, imeharibika. Rangi nyekundu-nyekundu kama waridi juu ya samaki ya chumvi ni alama ya vidudu vinavyopenda chumvi, vinaota wakati samaki imekaa katika joto na unyevu. Asioshe ile rangi na kuuza tena. Sababu ya kawaida ni chumvi kidogo. Kipimo kinachotumiwa sana ni karibu kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki. Wakati chumvi imepanda bei, wengine wanapunguza, na deni hiyo inalipwa na mteja.

Juu ya dawa, watu wanasema samaki isiyotuliwa na inzi imetiwa sumu. Inzi wakikosekana, hiyo peke yake si ushahidi. Samaki kavu sana yenye chumvi nyingi haivuti inzi. Lakini woga huo haukutoka hewani. Katika masoko mbalimbali ya Afrika kuna watu waliokamatwa na dawa ya wadudu juu ya samaki kavu. Kwa hiyo mteja asichekwe. Aonyeshwe mahali samaki inapolala, na kitambaa ama neti inayoifunika.

Kurudi saa kumi

Saa aliyoitoa, arudi. Hata kama hajapata jibu lote, arudi aseme, "Bado tunatafuta, tumekwisha kuona nyumba 9 kati ya 12." Mtu aliyetoa saa akaikosa amejitengenezea lawama ya pili, na hii haina uongo ndani yake.

Katika mfano wetu, mama anarudi na kusema: vitunga 2 vililowa njiani, samaki ya ndani ilianza kuharibika, haikutakiwa kuuzwa, ni kosa langu kutofungua kitunga hadi chini kabla ya kuuza. Nyumba 5 nimezirudishia franga. Vile vitunga 2 nimevifukia mbele ya komite ya soko. Vinne vikavu tumevifungua pamoja nao, na kesho ninaanza kuuza tena. Kuanzia leo kila kitunga ninakifungua hadi chini, na ninakifunga karatasi yenye tarehe na jina la negosian.

Anapoteza nini? Vitunga 2, na franga za nyumba 5. Anabakiza nini? Vitunga 4 vinavyouzika, na neno lake. Na jina la Kyavinyonge linabaki safi, maana watu wamejua kosa lilitokea njiani katika mvua, si ziwani.

Ile karatasi ndogo juu ya kitunga ndiyo tunayoiombea nafasi. Haigharimu kitu: kipande cha karto, kalamu, na kamba. Tarehe ya kutoka ziwani, namba ya kitunga, negosian. Bila karatasi hiyo, mama angebaki kusema "samaki yangu yote ni nzuri" ama kutupa vyote 6. Ikiwepo, anaweza kusema "ni hivi 2". Lawama inakuwa ndogo kama kitunga chenyewe.

Wakati lawama inagusa ziwa lote

Habari kama ile ya viboko ni nzito zaidi, kwa kuwa hakuna muuzaji mmoja anayeweza kusema "ni mimi". Hapo wauzaji na wavuvi wachague sauti moja, kwa komite yao ama koperative, na wote wengine wamrudishie swali huyo. Sauti ile iseme yale tu yanayojulikana: kimeta ni ugonjwa hasa wa wanyama wanaokula majani, onyo la wakubwa lilikuwa juu ya nyama ya pori na maji, wavuvi wamekatazwa kugusa mzoga wowote unaoelea, anayeuona atoe habari. Halafu wamwombe mganga wa wilaya ya afya aseme juu ya samaki kwa kinywa chake. Neno lake litakuwa na uzito ambao la muuzaji haliwezi kuwa nao. Na kama mganga akisema watu wangoje kwanza, wangoje.

Kusukuma lawama kwa Vitshumbi hakusaidii. Maji ni yale yale, na mteja wa Manguredjipa hawezi kutofautisha samaki wa pwani hii na wa pwani ile. Ukimfundisha kuogopa ziwa, atakuogopa na wewe.

Utajua namna gani kama imani imerudi? Usihesabu vidole gumba vya WhatsApp. Hesabu katika daftari vitunga unavyouza kwa juma, kabla na baada. Na sikiliza swali la kwanza la mteja. Wakati wa lawama anauliza, "Imetoka wapi?" na kukunja uso. Siku atakayouliza bei kwanza, kama zamani, utajua yamekwisha.